Keisi za "ungekuwa wewe ungechagua nini?": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wa biashara hunijia nayo karibu kila muhula, hasa wiki ile ya kwanza wakishapewa keisi yao ya kwanza ya kufanya maamuzi na wanakuta nusu ya taarifa haipo. Nimeyajibu mara nyingi mpaka nimeona bora niyaweke pamoja. Karibu yote nayajibu kwa keisi moja ya kutunga, kwaiyo usiruke swali la tatu, huko mbele utapotea.

Kwanza, keisi ni nini? Mbona inafanana na kesi ya mahakamani?

Inafanana kwa sababu ndiko ilikotoka. Wanafunzi wa sheria walianza kufundishwa kwa kesi halisi za mahakama kabla hata vyuo vya biashara havijaanza kufundisha hivyo. Shule ya biashara ya Harvard ilifunguliwa 1908, na mwaka 1919 ikapata mkuu mpya, Wallace Donham, ambaye mwenyewe alikuwa kasomea sheria palepale Harvard, akaona kwa nini na sisi tusifundishe hivyo. Keisi yao ya kwanza ya kuandikwa ilitoka 1921, ilihusu kampuni ya viatu.

Tofauti ni kwamba kesi ya mahakamani inakuja na hukumu yake, unasoma jaji alivyoamua na kwa nini. Keisi ya biashara inakatwa kabla ya hukumu. Unasoma kurasa kumi na kitu, unakutana na meneja amekaa ofisini Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi anatakiwa atoe jibu, halafu hadithi inaishia hapo. Jaji ni wewe.

Kwa nini mwandishi ameficha taarifa? Anatukomoa?

Mara nyingine hajaficha kitu. Yule meneja mwenyewe siku ile hakuwa nayo. Mwandishi anajaribu kukuweka kwenye kiti chake akiwa na karatasi zilezile alizokuwa nazo yeye, na kiti hicho ndo kilivyo, mteja hajajibu, mshindani hajatangaza bei, benki imesema "tutawasiliana".

Ila kuna upungufu wa aina mbili na ni vizuri uutofautishe mapema. Kuna taarifa ambayo hakuna mtu duniani anayeijua leo, mfano kama mteja atasaini mwezi ujao. Na kuna taarifa ambayo ipo ila imezikwa, iko kwenye kiambatisho cha tatu, kwenye maandishi madogo chini ya jedwali, au inabidi ukokotoe mwenyewe kutokana na namba mbili zilizo kurasa tofauti. Hii ya pili ukisema "haipo" unapoteza maksi kihalali kabisa. Nimesahihisha majibu ya watu wenye akili nzuri tu walioandika "gharama ya mashine haijatajwa" wakati imekaa kwenye kiambatisho inawaangalia.

Namba ninayoihitaji haipo kabisa. Nibuni?

Hapana, na usiikimbie pia. Hapa ndipo wengi wanapoanguka kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua keisi hii. Kiwanda kidogo kinatengeneza maboksi ya kufungashia bidhaa. Mteja wake mkubwa anasema anafikiria kuwapa mkataba wa miaka miwili wenye oda kubwa kuliko walizozoea. Mashine waliyo nayo haitoshi. Kuna mashine nyingine inauzwa milioni 100. Mkataba ukisainiwa na mashine ipo, kiwanda kitabakiwa na milioni 220 baada ya kulipa malighafi na mishahara, ukitoa bei ya mashine inabaki faida ya 120. Mteja asiposaini, mashine itauzwa tena kwa milioni 40, yaani hasara ya 60. Hiyo ni njia A, nunua sasa.

Njia B ni kutonunua. Mteja akisaini, kazi ya ziada wanaipeleka kwa kiwanda kingine kiwafanyie kwa malipo, ambacho kitachukua sehemu kubwa ya faida, wao wanabaki na milioni 40. Asiposaini, sifuri, hawajapoteza hawajapata.

Namba inayokosekana ni moja, uwezekano wa mteja kusaini. Keisi haisemi. Na mwanafunzi wa kawaida anafanya moja ya mambo mawili, ama anaandika "tuseme uwezekano ni asilimia 70" kisha anapiga hesabu safi kabisa inayompa A, ama anaandika ukurasa mzima kwamba taarifa hazitoshi kufanya uamuzi. Wa kwanza nikimuuliza sabini imetoka wapi anacheka. Wa pili hajajibu swali.

Cha kufanya ni kugeuza swali. Usiulize "uwezekano ni ngapi?", uliza "ungekuwa ngapi ndo ningebadilisha mawazo?" Hilo la pili lina jibu, nalo naliita kizingiti, na limo ndani ya keisi.

Sawa, hicho kizingiti nakipataje?

Kwa hesabu ya sekondari tu. Uwezekano wa kusaini uite p. Ukichagua A, kwa wastani unapata 120 mara p, ukitoa 60 mara kilichobaki. Ukichagua B unapata 40 mara p. Tafuta p inayozifanya njia mbili zilingane:

```
120p - 60(1 - p) = 40p
180p - 60 = 40p
p = 60/140 = 0.43
```

Kwaiyo ukiamini mteja ana nafasi zaidi ya asilimia 43 ya kusaini, nunua. Chini ya hapo, usinunue. Ona kilichotokea, hukulazimika kujua p. Umepunguza mzigo, badala ya kutafuta namba kamili unatakiwa tu kujua uko upande gani wa 43, na hilo ni jambo linaloweza kubishaniwa kwa hoja. Mtu akisema 60 na mwingine akisema 75 wanaweza kupigana kelele nusu saa wakati wote wawili wananunua. Nimeona madarasa yakiteketeza muda hivyo hivyo.

Halafu rudia hesabu kwa namba nyingine usiyoiamini. Ile bei ya kuuza mashine, 40, imetoka kwa nani? Kama ni muuzaji wa mashine ndiye aliyesema, mmh. Weka 20 badala yake, hasara inakuwa 80, kizingiti kinapanda mpaka asilimia 50 kamili. Imesogea, ila si sana. Ukiona namba umeiyumbisha hivyo na kizingiti kimesogea kidogo, achana nayo, usiandike aya tatu juu yake. Ukiona uamuzi unageuka kabisa, basi hapo ndo pa kuchimba.

Nitajuaje niko upande gani wa kizingiti? Si bado nakisia?

Unakisia, ila unakisia ukiwa na ushahidi mkononi. Rudi kwenye maandishi, safari hii usisome hadithi, tafuta dalili. Tuseme keisi yetu ina mambo haya yametawanyika: ofisa manunuzi wa mteja kamwambia meneja kwa simu "tuko karibu kabisa". Anayesaini mikataba mikubwa si ofisa huyo, ni bodi. Mwaka uliopita mteja huyuhuyu alitoa ahadi mbili za kuongeza oda, moja akaitimiza, nyingine kimya. Na wiki mbili zilizopita mteja aligharamia mwenyewe sampuli za maboksi zenye chapa mpya.

Hizi hazina uzito sawa. "Tuko karibu kabisa" ni maneno, hayamgharimu aliyesema, na angeyasema hata kama anaongea na viwanda vitatu kwa mpigo ili washindane bei. Sampuli zimemtoa hela. Mtu anayetoa hela yake kabla ya mkataba anakueleza kitu ambacho mdomo hauwezi kukueleza. Hiyo historia ya mwaka uliopita, moja kati ya mbili, ni data kiduchu sana lakini ndiyo pekee inayoonyesha mteja huyu anavyotimiza ahadi, kwaiyo mimi ningeanzia hapo, karibu na nusu, nikapanda kidogo kwa ajili ya sampuli, nikashuka kidogo kwa sababu ya bodi. Naangukia popote kati ya 45 na 60. Juu ya 43, lakini pembeni kabisa mwa shimo.

Na hilo lenyewe ni jibu. Ukiwa mbali na kizingiti sema kwa sauti. Ukiwa karibu nacho kama hapa, maana yake ni kwamba A na B hazitofautiani sana kwa wastani, na kitakachoamua ni kitu kingine.

Naruhusiwa kujibu "wasubiri kwanza wapate taarifa zaidi"?

Ndiyo, kama utasema taarifa gani, kutoka kwa nani, itakuja lini, itagharimu kiasi gani na ikija utafanya nini tofauti. Bila hivyo ni kukwepa tu na mhadhiri yeyote atakubana hapohapo.

Tuangalie kusubiri kwa heshima zake kunaonekanaje. Muuzaji wa mashine anasema atakuwekea kwa mwezi mmoja ukilipa arbuni ya milioni 5, hairudi na haihesabiwi kwenye bei. Mteja anasema bodi yake inakaa ndani ya mwezi huo. Hii iwe njia C. Mteja akisaini unanunua, unapata 120 ukitoa 5, ni 115. Akikataa unapoteza 5 tu.

Chukua p iwe nusu kwa nusu. A inakupa wastani wa 30. B inakupa 20. C inakupa 115 na hasi 5 kwa nusu nusu, yaani 55. Si kidogo hiyo. Na ukipiga vizingiti vya C utaona kitu kizuri zaidi, B inaishinda C pale tu uwezekano wa kusaini ukiwa chini ya kama asilimia 6, na A inaishinda C pale tu ukiwa juu ya kama asilimia 92. Katikati kote huko C ndo mshindi, kwaiyo ule ubishi wetu wote wa 45 au 60 umekufa kifo cha kawaida, haujalishi tena. Mwanafunzi anayeona hili darasani huwa anatulia ghafla, na wenzake wanamwona ametulia.

Kuna namba nyingine hapa inafaa kuijua. Ukiwa na p ya nusu, ukiweza kujua jibu la mteja bure kabla ya kununua, ungepata 120 nusu ya wakati na sifuri nusu nyingine, wastani 60. Bila kujua, bora yako ni 30. Tofauti ni 30, na ndo kiwango cha juu kabisa cha kulipia taarifa hiyo. Arbuni ya 5 ni rahisi. Mtu akitaka 35, mwambie asante.

Na kama hiyo bodi haikai ndani ya mwezi?

Hapo ndo swali zuri, na keisi nyingi zimeficha dalili yake mahali. Kwenye yetu, tuseme kuna sentensi kwenye ukurasa wa pili kwamba mkutano wa bodi uliopita uliahirishwa. Sasa kuna namba ya pili usiyoijua, uwezekano wa jibu kufika kwa wakati.

Fanya vilevile. Ukilipa arbuni na jibu likaja, unapata thamani ya 60 ukitoa 5. Lisipokuja, umerudi ulipokuwa, yaani 30, ukitoa 5. Ukiweka q kwa nafasi ya jibu kuja, C ina thamani ya 25 + 30q. Inaishinda 30 ya A pale q inapozidi 1/6. Yaani hata ukiamini kuna nafasi moja kati ya tano tu kwamba bodi itakaa, bado arbuni inalipa.

Angalizo moja ambalo hesabu hiyo haioni. Kimya nacho kinaongea. Mwezi ukipita bila jibu, si kweli kwamba uko palepale, uwezekano wa kusaini umeshuka, kwa sababu mteja mwenye haraka asingechelewa. Ikishuka chini ya 43, uamuzi wako wa baada ya mwezi ni B. Andika hilo kwenye jibu lako mapema, "tarehe fulani tukiwa hatujapata jibu, hatununui", maana bila tarehe watu huwa wanalipa arbuni ya pili, na ya tatu.

Hesabu inasema nunua lakini moyo unakataa. Nifuate kipi?

Sikiliza moyo kwanza uone unalalamikia nini, mara nyingi umeona kitu ambacho wastani haukioni. Wastani unafaa kwa mtu anayecheza mchezo huo mara nyingi. Kiwanda hiki kinacheza mara moja.

Angalia mfuko wake. Tuseme mkononi kina milioni 75. Ili kununua kinatoa 50 zake na kukopa 50. Mteja asiposaini, zimebaki 25, mashine inauzwa 40, zinakuwa 65, analipa mkopo wa 50, zinabaki 15, na riba hatujaigusa. Mishahara ya mwezi ni 12. Yaani baada ya kukosa bahati mara moja, kiwanda kina mwezi mmoja na siku chache za kuishi, na hapo tumechukulia mashine imeuzwa haraka. Mwenye kampuni kubwa yenye viwanda kumi anaweza kumeza 60 na kwenda kulala. Huyu hawezi. Keisi ileile, namba zilezile, A ikawa sahihi kwa mmoja na kichaa kwa mwingine.

Kwaiyo kabla hujashabikia wastani, peleka ile hali mbaya kabisa mpaka mwisho, siku kwa siku, uone kama mhusika bado yuko hai. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi niliwahi kusimama mbele ya darasa na hesabu nzuri sana, nimeipanga rangi rangi, nikasema nunua. Mwenzangu aliyekaa nyuma akauliza swali moja, "Mwezi ule wa tatu unalipa watu kwa kutumia nini?" Sikuwa nimefungua hata ukurasa wa hesabu ya fedha taslimu. Nilikaa chini.

Keisi imenipa jedwali la data. Niliamini?

Amini namba, tilia shaka mipaka yake. Jiulize ni nini kingetakiwa kiwepo humo na hakipo.

Mfano mkubwa unaozungumzwa sana kwenye madarasa ya maamuzi ni wa chombo cha anga cha Challenger, Januari 1986. Usiku wa kuamkia kurusha, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake walijadiliana kwa simu na watu wa NASA kama baridi kali ingeharibu pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi. Safari zilizopata tatizo la pete zilikuwa 7. Ukizipanga hizo 7 kwa joto la siku ya kurusha unaona zimetapakaa, nyingine kwenye nyuzi 12 hivi za Selsiasi, nyingine mpaka 24, kwaiyo mtu anasema mbona hata siku za joto zinaharibika, baridi haihusiki.

Kilichokosekana ni safari ambazo hazikupata tatizo. Ukiziongeza picha inageuka kabisa. Safari zote 4 zilizorushwa chini ya nyuzi 18 zilipata tatizo. Zile 20 za joto zaidi ya hapo, 3 tu. Na asubuhi ile ilitarajiwa baridi ya kuganda maji, chini sana kuliko safari yoyote iliyowahi kurushwa. Walirusha, na watu 7 waliokuwemo wakafa.

Kwenye biashara kosa ni lilelile kwa nguo nyingine. Keisi inakupa sababu za wateja 30 walioacha kununua, 18 wanalalamikia bei. Kila mtu darasani anasema punguza bei. Waliobaki je? Kama nao wakiulizwa wangelalamikia bei kwa kiwango hichohicho, basi bei haiwatofautishi walioondoka na waliobaki, na ukiipunguza utakuwa umegawa faida bure. Data ya waliobaki haipo kwenye keisi. Kuiona kuwa haipo ndo kazi yenyewe. Na wakati mwingine mhadhiri anayo, anasubiri mtu aiombe! Omba. Mbaya zaidi atakwambia haipo.

Naweza kugugo kujua kampuni ilifanya nini mwishoni?

Kama keisi ni ya kampuni halisi utapata, lakini utajiharibia. Ukishajua kwamba walinunua na wakafanikiwa, macho yako yatasoma kila dalili kama inasema nunua, na hutajua hata kwamba umefanya hivyo. Halafu matokeo si hukumu. Mteja wetu akisaini, aliyenunua kwa pupa bila kufungua kitabu cha hesabu ataonekana mjanja. Alikuwa na bahati. Mhadhiri mzoefu akikusikia unatumia habari za baada ya tarehe ya keisi anakutambua mara moja, unakuwa na uhakika ambao karatasi zile hazikuruhusu.

Soma baadaye, hapo ni halali yako.

Darasa limeisha na mhadhiri hakutoa jibu. Kuna jibu sahihi au hakuna?

Mara nyingi halipo moja, ila majibu mabovu yapo na ni mengi. Kwenye keisi yetu mtu anaweza kutetea C, na anaweza kutetea B kama anaamini muuzaji hatatimiza neno la kuishikilia mashine. Hata A inaweza kutetewa, kama mtu ataonyesha kuna mnunuzi mwingine yuko mlangoni na mashine ya aina hiyo haipatikani tena karibuni, ila itabidi aeleze mishahara ya mwezi wa tatu. Kisichoweza kutetewa ni A yenye "nina imani na mteja", au B yenye "ni salama zaidi" bila kusema kwamba usalama huo unaweza kuwa umegharimu milioni 80 za faida.

Kwenye mtihani muda ni mfupi, niandike vipi?

Chaguo lako liwe sentensi ya kwanza. Usimpitishe msahihishaji kwenye historia ya kampuni, ameisoma mara 40. Kisha sema ni nini hukijui ambacho kingeweza kugeuza uamuzi, kimoja au viwili, si nane. Toa kizingiti chake, sema dalili zilizokuweka upande huo, sema hali mbaya itakuwaje na mhusika atapona au la.

Kwa keisi yetu ingekuwa kama hivi: "Alipe arbuni ya milioni 5 na asinunue leo. Kununua leo kunamlazimu aamini kwamba nafasi ya mteja kusaini ni zaidi ya asilimia 92, na mteja aliyetimiza ahadi moja kati ya mbili hajafika huko hata kwa sampuli alizolipia. Akinunua na mkataba ukakosekana atabaki na milioni 15 dhidi ya mishahara ya 12 kwa mwezi. Mwezi ukiisha bila jibu la bodi, asinunue, kazi ikija aipeleke nje." Ni sentensi nne tu. Zilizobaki kwenye karatasi yako ziwe za kuonyesha hesabu.

Na nikibadilisha mawazo katikati ya mjadala, nitaonekana sijajiandaa?

Inategemea umebadilishwa na nini. Mtu akikuonyesha ule mstari wa ukurasa wa pili kuhusu mkutano ulioahirishwa na hukuuona, badilisha, na sema kwamba ni mstari huo. Ukibadilisha kwa sababu upande wa pili wana sauti kubwa, hiyo kila mtu anaiona.